Mteja amenirushia gauni mbele ya wanafunzi wangu

*Shikamoo Bibi,*

*Mimi ni fundi cherehani, niko Morogoro, nina kibanda na wanafunzi wawili. Kamati moja ya harusi ilinipa kazi ya sare tatu za kitenge, gauni refu la kubana lenye mikono. La mwenyekiti wao nilimkabidhi kwanza, na kweli nilichelewa. Kesho yake akarudi nalo, akalirusha juu ya meza ya kukatia, wanafunzi na wateja wanaangalia: "Hii nguo au gunia? Kifua kiko wazi, mgongoni pamefura, kwapani kunabana, mkono hauinuki. Panua hilo kwapa, halafu urudi ukajifunze kazi!"*

*Bibi, nilimjibu. Nilimwambia amenenepa tangu nimpime, kitenge chenyewe chepesi, na kwapa nilimwachia inchi 22 kwa kifua cha 42, sasa anataka nafasi gani tena? Akaondoka, gauni akaliacha. Jioni akatuma sauti ndefu kwenye kundi la kamati, na mimi nimo. Anasema alipoinua mkono kupokea sahani gauni zima lilipanda, watu wakacheka.*

*Jumamosi anakuja na wenzake wawili kujaribu. Nikinyamaza si nitakuwa nimekubali kwamba sijui kazi? Na matusi kama yale mtu anatoa nini ndani yake?*

*Fundi mwenye hasira, Morogoro*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na gauni, maana liko hapo kibandani kwako na nusu ya jibu limo ndani yake. Umeandika mambo mawili ukayapita kama vile hayahusiani: inchi 22, na gauni kupanda lote mkono unapoinuka. Kwa kifua cha 42, gauni la kubana lenye mkono wa kuunganishwa begani, mzunguko wa kwapa hukaa karibu na 19, zaidi kidogo au pungufu kidogo kulingana na mwili. Ukikata 22, chini ya kwapa panashuka hadi mbavuni, na hapo ndipo mkono wa nguo unaposhikana na ubavu. Mwenye nguo akiinua mkono wake, mkono wa nguo unavuta ubavu, ubavu unavuta kiuno, gauni zima linapanda. Yeye anachosikia mwilini ni kubanwa, kwa hiyo anasema kunabana, na kwa akili ya kawaida anakuambia upanue. Ukimtii ukapanua, umeliua gauni.

Kwa hiyo ile hoja uliyomrushia kwa kujiamini, kwamba umemwachia nafasi tele, ndiyo ilikuwa kasoro yenyewe. Ungenyamaza akamaliza, huenda habari ya sahani ungeisikia palepale mezani badala ya kuisikia mbele ya kamati nzima. Mteja mwenye hasira huanza na maneno makubwa, gunia, sijui kazi, umeniharibia kitambaa. Maelezo yenyewe, alikuwa anafanya nini nguo ilipomsumbua, huja mwishoni pumzi ikishashuka. Ukimjibu kwenye neno la kwanza, atalirudia neno la kwanza kwa sauti kubwa zaidi, na yale ya mwisho hutayapata.

Na hapa ndipo hofu yako ya kuonekana umekubali inapoisha. Huyu mama alikupa vitu vya aina mbili. Alikueleza mwili wake unasikia nini, na huko yeye ndiye anayejua, wewe huwezi kumbishia mtu kwamba mkono wake unainuka. Halafu alikupa dawa, panua kwapa, na dawa ni kazi yako. La kwanza lichukue lote bila kupunguza. La pili lisikilize, kisha liweke pembeni mpaka utakapoiona nguo mwilini. Kunyamaza wakati anaeleza hakukufungi kufuata dawa yake wala kukubali kwamba wewe ni mwanafunzi. Kunakupa tu nafasi ya kusikia sentensi nzima.

Sasa Jumamosi. Mdomo usiojitetea unahitaji mikono yenye shughuli, la sivyo utajibu tu, maana hasira haishindwi kwa kuahidi kwamba hutajibu. Kabla hawajaja, weka mezani daftari la vipimo, kalamu, futi na kikopo cha pini. Mama mwenyekiti akianza, fungua daftari kwenye ukurasa wake uandike anachosema, kwa maneno yake, hata yale machungu. Usiandike "kasoro ya mgongo", andika "mgongoni pamefura". Mtu akiona maneno yake yanaandikwa hupunguza kasi mwenyewe, na wewe ukiwa unaandika huna nafasi ya kutunga majibu.

Maneno yako yawe machache, na mengi yawe maswali ya mahali na ya kitendo. Wapi, mama, niguse? Ukifanya nini ndipo linavuta? Ukikaa au ukisimama? Akisema gunia, muulize gunia liko kiunoni au mgongoni. Usiulize kwa kejeli, uliza kwa sababu huenda tusi hilo lina kipimo ndani yake: mtu hasemi gunia kama kiuno kimekaa. Akimaliza kabisa, mwambie hivi: "Nimesikia, mama, na nimeandika yote. Naomba ulivae nilione mwilini." Usiongeze kitu. Usiseme "nimesikia lakini", maana neno lakini likishatoka umerudi kulekule. Wala usimwage samahani kumi kwa mkupuo. Samahani ya kila kitu haimwambii mtu umesikia nini, na wengine hujitetea kwa njia hiyohiyo, wanaomba radhi upesi ili mwenzao anyamaze.

Utasikia mambo ambayo si kweli. Huenda akadai kitambaa kilikuwa kingi na wewe umekibakiza, au rangi imebadilika mikononi mwako. Yaandike vilevile, bila kutingisha kichwa. Kuna muda wa kuyasahihisha, na ni baada ya pini kuchomwa, sauti zikiwa chini, ukiwa na nguo ya kuonyesha. Hilo la kunenepa lisitoke kabisa mdomoni mwako. Chukua futi umpime upya wakati wanafunzi wako nje, uandike namba mpya pembeni ya zile za kwanza, basi. Kama kiuno kimeongezeka inchi moja utaiona mwenyewe na utaishona. Tena jiulize ulimpima akiwa amevaa nini. Waliopimwa juu ya dera, au wakiwa na sidiria nyingine na siku ya kuvaa wakabadilisha, hukufanya umwone mtu amebadilika kumbe kilichobadilika ni nguo ya ndani.

Akishalivaa, mwambie asimame kama anavyosimama siku zote, na wewe usiguse kitu kwanza. Kisha ainue mkono mmoja polepole. Kiuno cha gauni kikianza kupanda mapema, kwapa limeshuka. Mwambie ajikumbatie: akibanwa katikati ya mabega, mgongo umekatwa mwembamba, na hilo ni jambo jingine lenye tiba nyingine. Kikibana kitambaa kwenye msuli wa mkono peke yake, basi mkono wa nguo ndio mwembamba. Malalamiko haya matatu yote wateja wanayaita jina moja, kwapani kunabana. Ndiyo maana huwezi kumtibu kwa maneno yake tu, na huwezi kumtibu bila maneno yake.

Kazi ya kutoa yenye faida katika yale matusi, lakini, usiisubiri Jumamosi. Ianze leo usiku. Ile sauti ya kwenye kundi usiisikilize peke yako tena, maana ukiwa peke yako unasikia dharau tu. Mpe mwanafunzi wako mkubwa simu, yeye asikilize, wewe uandike anachokutajia. Mwambie asikusomee lawama, akutajie tu kila mahali palipotajwa sehemu ya nguo, sehemu ya mwili au kitendo. Sauti yote hiyo, nakuhakikishia, itabaki mistari michache: kifua, mgongo, kwapa, sahani, kuchelewa. Hayo mengine, kujifunza kazi na kuchekwa na watu, yaache kwenye simu. Hayana mahali pa kuchoma pini.

Chora ukurasa sehemu tatu. Ya kwanza maneno yake, ya pili utakachokiona kwenye nguo, ya tatu sababu. Hiyo ya tatu iache wazi mpaka avae. Mafundi wenye uzoefu wanakosea hapa kuliko wanafunzi, kwa sababu mkono una haraka ya kuandika sababu kabla jicho halijaona.

Chukua mgongo. "Pamefura" yaweza kuwa mambo mawili. Yakiwa mawimbi madogomadogo yanayofuata zipu kutoka juu hadi chini, ulivuta kitambaa wakati wa kushona zipu, au hukuweka gamu chini yake. Hapo unafumua zipu, unapiga pasi, unarudisha bila kuvuta. Likiwa kunjo moja kubwa limelala kutoka ubavu hadi ubavu juu ya kiuno, zipu haina hatia, urefu wa mgongo ndio umezidi. Likunje kwa pini, na likitulia umepata. Sasa kifua kuwa wazi: anapoinama shingo inaachana na mwili, au iko wazi hata akisimama? Mwambie afanye yote mawili.

Halafu fanya jaribio moja ambalo ningeweka dau kwalo, japo sijamwona huyo mama. Simama nyuma yake, shika mishono ya mabega yote mawili kwa vidole, nyanyua kitambaa kama nusu inchi hivi, ukibana ziada. Muulize kama mkono umelegea. Tazama shingo, tazama lile kunjo la mgongoni. Mtu mwenye mabega yaliyoteremka akivishwa gauni lililokatwa kwa mabega yaliyonyooka hupata mambo hayohayo matatu kwa pamoja: kwapa linashuka chini ya lilivyokatwa, shingo inalegea mbele, na urefu uliozidi unajikusanya mgongoni. Kwako limeongezeka la nne, kwamba kwapa lenyewe lilikuwa kubwa tangu kwenye mkasi. Ukiona vyote vinatulia ukishanyanyua bega, basi mama wa watu hakukutukana mara tatu. Alikueleza ugonjwa mmoja, kwa dalili tatu, na hakuwa na njia nyingine ya kuueleza kwa sababu yeye si fundi.

Tiba yake si ndogo, na ujue kabla hujaahidi siku. Mkono unatolewa. Mshono wa bega unapunguzwa, zaidi upande wa nje kuelekea mkono, kidogo upande wa shingo. Ukitoa nusu inchi mbele na nusu inchi nyuma, mzunguko wa kwapa unapungua kama inchi nzima, 22 inakuwa 21. Bado ni kubwa. Usijaribu kuipeleka hadi 19 kwa bega peke yake, maana kiuno nacho kinapanda kila unapopunguza juu, na gauni lake ni la kubana, kiuno kikihama kitaonekana. Kilichobaki kitibiwe chini ya kwapa kwa kuongeza kiraka cha pembe nne, chenye umbo la almasi, kama inchi tatu kwa tatu, kipande kimoja kila kwapa. Ncha mbili zinakaa kwenye mshono wa mkono na mshono wa ubavu. Kiraka hicho kinampa mkono urefu wa kuinukia bila kuuvuta ubavu. Kikikatwa kwenye kitenge hichohicho na maua yakalingana, mkono ukiwa chini hakionekani. Kichwa cha mkono nacho kipunguzwe kabla ya kurudisha, kwa kuwa kilikatwa kwa shimo la 22, na ukikirudisha kama kilivyo kitajikunja begani, uanze kusikia lawama mpya.

Gauni za wale wenzake wawili usizimalize. Mikono ishikize tu kwa mishono mirefu ya mkono, zipu vivyo hivyo, Jumamosi wavae hivyohivyo. Kama uliwakata wote kwa mtindo huohuo wa kuachia kwapa, na nahisi ndivyo, utapona hapo kabla hawajafungua midomo. Hii ndiyo faida kubwa zaidi ya lile gauni lililorushwa, kwa sababu tabia ya mkasi wako uliikuta kwa mteja mmoja badala ya watatu.

La kuchelewa halina jaribio wala pini. Hapo alisema kweli tupu, na jambo la kweli tupu lijibiwe moja kwa moja: "Nilichelewa, mama, ni kosa langu." Usitaje umeme wala uzi kuisha. Kisha umpe siku mpya, na uiweke siku moja mbele ya ile unayodhani utamaliza.

Kwenye kundi usijitetee hata kidogo, hata wakikutaja kwa jina. Andika ujumbe mmoja: "Mama Mwenyekiti, nimesikiliza ujumbe wako wote. Jumamosi saa nne asubuhi nakuomba ulivae nilirekebishe ukiwepo." Wanakamati watakaosoma hawajui kwapa la 22 ni nini na hawahitaji kujua. Ukianza kueleza, kila mtu atakuwa fundi.

Kuna mpaka, nao usiuvuke kwa kisingizio cha uvumilivu. Kelele juu ya nguo zipokee. Akigeukia wanafunzi wako, au kabila lako, au ndoa yako, funga daftari umwambie kwa upole, "Mama, gauni nitalishughulikia. Haya mengine hapana," kisha rudi kwenye futi. Wala usizungumze pesa siku ya kuvaa. Watu wakiwa na hasira huomba warudishiwe fedha zote, na fundi mwenye aibu hukubali ili wamwondokee. Marekebisho ya kasoro uliyoikata wewe yafanye bure. Inchi aliyoongezeka yeye, kama ipo, mnaweza kuelewana baadaye daftari likiwa wazi kati yenu. Lakini ikiwa ni inchi moja tu, mimi ningeishona nikanyamaza.

Kabla ya yote, mwanangu, katafute mabaki ya kitenge chake leo hii, kabla wanafunzi hawajayafagia au kuyashonea vishikio vya sufuria. Unahitaji vipande viwili vya maua yanayolingana. Ukivikosa, mpigie mama mapema umuulize kama ana baki nyumbani au alinunua duka gani, kwa sababu asubuhi ya Jumamosi hutakuwa na muda wa kuzunguka madukani kutafuta maua hayo.